Dakika Yenye Sekunde Sitini na Moja

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 2017, watu wa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala walikuwa wameshaupokea mwaka mpya na wengi wameshalala, pale dakika moja ilipoongezewa sekunde. Ilikuwa dakika ya mwisho kabla ya saa tisa usiku. Saa iliyowekwa kufuata saa rasmi bila kuficha kitu ilisoma 02:59:58, ikasoma 02:59:59, kisha ikasoma 02:59:60, ndipo ikaingia 03:00:00. Muscat wakati huohuo ilikuwa 03:59:60, na London, ambako wakati wa baridi saa ya nchi hulingana na saa ya dunia, ilikuwa 23:59:60, kwa hiyo mwaka mpya uliwachelewa kwa sekunde moja. Sekunde hii haifuati usiku wa manane wa kila nchi. Huingizwa mara moja tu, dunia nzima kwa mpigo mmoja, mwishoni mwa siku ya UTC, yaani saa ya dunia ambayo saa za nchi zote hupimwa kwayo.

Ukihesabu kuanzia 00 hadi 60 unapata sekunde sitini na moja. Aliyeiona namba hiyo kwenye kioo cha kompyuta angedhani mashine imeharibika. Kumbe saa iliyoandika 60 ndiyo iliyosema kweli. Matatizo yote yaliyowahi kuletwa na sekunde hii yalitoka kwenye mashine zisizo na mahali pa kuiandika.

Tuanze na asili yake. Saa rasmi ina wazazi wawili wasiokwenda mwendo mmoja. Wa kwanza ni Dunia yenyewe, ambayo kwa karne nyingi ndiyo iliyokuwa saa: mzunguko mmoja ni siku, na sekunde ni sehemu moja ya 86,400 ya siku hiyo. Wa pili ni atomi ya seziamu. Mwaka 1955 Louis Essen na Jack Parry, katika maabara ya taifa ya vipimo kule Teddington, Uingereza, waliwasha saa ya kwanza ya seziamu iliyoweza kutegemewa, na mwaka 1967 sekunde ikapewa maana mpya: ni muda wa mitetemo 9,192,631,770 ya mnururisho unaotoka kwenye atomi hiyo. Namba hiyo ndefu haikuokotwa. Ilichaguliwa ili sekunde mpya ilingane na sekunde waliyokuwa wakiitumia wanaanga, na sekunde ya wanaanga ilikuwa imekokotolewa kutokana na vipimo vya anga vya karne ya 18 na ya 19.

Kati ya nyakati hizo na sasa, Dunia ilikuwa imepunguza mwendo kidogo. Sababu kubwa ni mwezi. Mvuto wake huinua bahari, na maji yanayokupwa na kujaa husuguana na sakafu ya bahari na kuila nguvu ya mzunguko. Badiliko ni dogo mno, chini ya milisekunde mbili kwa karne ukijumlisha na mambo mengine yanayoisukuma Dunia upande wa pili. Hata hivyo lilitosha kuifanya sekunde ya seziamu izaliwe ikiwa fupi kidogo kuliko sehemu moja ya 86,400 ya siku halisi.

Hapa ndipo wengi hupotea. Husikia kwamba sekunde imeongezwa wakadhani Dunia imechelewa kwa sekunde nzima tangu mwaka jana, na kwamba tukienda hivyo siku itafika saa ishirini na tano kabla ya wajukuu kukua. Sivyo. Chukua siku iliyo ndefu kwa milisekunde mbili tu kuliko sekunde 86,400. Kesho nayo ina milisekunde mbili za ziada, keshokutwa vilevile, na baada ya siku 500 ziada hizo zimejumlika kuwa sekunde moja kamili. Hata kama Dunia isingepungua mwendo tena daima dawamu, maadamu siku yake imepita 86,400 kidogo, deni lingeendelea kukua na sekunde zingeendelea kudaiwa.

Wanaolitunza daftari la deni hilo ni IERS, shirika la kimataifa linalofuatilia mzunguko wa Dunia. Wapimaji hawatazami tena jua likipita utosini. Hutumia darubini za redio zilizotawanyika duniani, zote zikielekezwa kwenye vyanzo vya redio vilivyo mbali mno hata havionekani kusogea, na kwa kulinganisha mawimbi yanavyofika hapa na pale hujua Dunia imegeuka kiasi gani. Kanuni iliyoanza mwaka 1972 inasema saa ya dunia isiachane na mzunguko wa Dunia kwa zaidi ya sekunde 0.9. Tofauti ikikaribia hapo, ofisi ya IERS iliyoko katika Kituo cha Wanaanga cha Paris hutoa tangazo, kwa kawaida miezi sita kabla, kwamba siku ya mwisho ya Juni au ya Desemba itakuwa na sekunde 86,401.

Ya kwanza iliingizwa tarehe 30 Juni 1972. Mwaka huo ziliingia mbili, na baadaye moja karibu kila mwaka hadi mwisho wa muongo. Kati ya Desemba 1998 na Desemba 2005 haikuingia hata moja, kwa sababu Dunia haina adabu ya saa: vimiminika vilivyo ndani yake, pepo na barafu huuvuta mzunguko huku na kule. Jumla hadi sasa ni sekunde 27. Ile ya Desemba 2016 ndiyo ya mwisho.

Kompyuta nazo zilijifunzaje kuhesabu wakati? Mashine nyingi, zikiwemo simu za Android na seva zinazoendesha huduma za mtandao, hazitunzi tarehe. Hutunza namba moja: sekunde zilizopita tangu mwanzo wa tarehe 1 Januari 1970. Ukitaka tarehe, programu huikokotoa kutoka kwenye namba hiyo, na kanuni ya ukokotoaji, iliyomo kwenye kiwango kiitwacho POSIX, inasema kila siku ina sekunde 86,400 kamili. Kanuni hiyo ni nyepesi na ya haraka, maana gawanya tu kwa 86,400 na una hesabu ya siku. Ila imeandikwa kana kwamba sekunde ya nyongeza haipo.

Tuuchukue tena usiku wa mwaka 2017. Sekunde iliyoandikwa 23:59:59 katika UTC ilikuwa na namba 1483228799. Mwaka mpya, 00:00:00, ulikuwa na namba 1483228800. Baina ya hizo mbili ilipita sekunde nzima ya kweli, 23:59:60, na hakuna namba nzima iliyobaki ya kuipa. Kerneli ya Linux, ambayo ndiyo kiini cha mfumo kinachoshika saa, hulimaliza jambo hili kwa kurudi nyuma. Inapofika 1483228800 inapunguza moja, na 1483228799 inahesabiwa mara ya pili. Kwenye kioo utaona 59, kisha 59 tena. Matukio mawili yaliyopishana kwa sekunde moja yanaweza kupewa saa ileile, na lililotangulia likaonekana limefuata.

Je, zile zinazoonyesha 60 hufanyaje? Hizo hutunza namba isiyoruka wala kurudia, na orodha ya sekunde zote za nyongeza huwekwa pembeni, itumike wakati wa kuandika tarehe tu. Mashine nyingi za Linux huwa na mafaili ya kanda za saa ya aina hiyo ndani ya folda iitwayo `right`. Mwenye Linux yenye mafaili hayo anaweza kuiona sekunde ile ya Dar es Salaam kwa amri moja:

```
TZ=right/Africa/Dar_es_Salaam date -d @1483228826 +%T
```

Jibu ni `02:59:60`. Badilisha namba ya mwisho iwe 825 upate 02:59:59, kisha 827 upate 03:00:00. Namba hii imezidi ile ya kawaida kwa 26 kwa sababu hapa sekunde 26 zilizotangulia nazo zimehesabiwa. Ukiona `00:00:26`, basi mashine yako haina mafaili hayo.

Waandishi wa lugha ya C walijua mapema kwamba sekunde inaweza kufika 60, lakini kiwango cha mwaka 1989 kilizidisha kikaruhusu hadi 61, kwa kudhani dakika moja inaweza kuongezewa sekunde mbili. Haiwezi. Toleo la mwaka 1999 likarudisha kikomo kuwa 60. Lugha nyingine zilikwenda upande wa pili. Katika Python, ukiijengea aina ya `datetime` wakati wenye sekunde 60, inakukatalia na kusema sekunde lazima iwe kati ya 0 na 59. Kumbukumbu halali ya kipimo kilichochukuliwa saa 23:59:60 inatupwa kama kosa la uchapaji.

Habari ya sekunde inayokuja husafiri hadi kwenye mashine kupitia NTP, utaratibu ambao kompyuta huulizana saa mtandaoni. Kila jibu la NTP hubeba alama ndogo ya biti mbili. Zikiwa 00, hakuna jambo. Zikiwa 01, dakika ya mwisho ya leo ina sekunde 61. Zikiwa 10, ina sekunde 59. Kerneli ikipokea 01 hujiandaa, na usiku wa manane wa UTC huandika kwenye kumbukumbu zake mstari wa kusema inaingiza sekunde ya nyongeza. Kazi hii hufanyika mara moja kwa miaka kadhaa, na hilo ndilo tatizo lake kubwa kuliko yote. Msimbo unaotembea mara elfu kwa siku huonyesha kasoro zake asubuhi ya kwanza. Huu ulikaa miaka bila kuguswa na mtu.

Kasoro yake ilijitokeza tarehe 30 Juni 2012, nayo nadhani ndiyo inayofundisha kuliko nyingine.

Ndani ya Linux, programu nyingi hutumia muda wao zikiwa zimelala. Programu inayosubiri kazi huiambia kerneli iiamshe kazi ikifika, na kama haikufika, iiamshe baada ya muda fulani, labda nusu sekunde, itazame mambo mengine. Kerneli hukokotoa saa ya kuiamsha na kumkabidhi mtunza vipima-muda. Mtunzaji huyo, kwa ajili ya kasi, hakuwa akiuliza saa kila mara. Alikuwa na nakala yake mwenyewe ya tofauti kati ya saa ya ukutani na hesabu ya ndani isiyorudi nyuma. Saa ya ukutani ikibadilishwa, kerneli ilipaswa kumpa taarifa asahihishe nakala yake. Mtu akibadilisha saa kwa mkono, taarifa ilitolewa. Sekunde ya nyongeza ilipoirudisha saa nyuma, aliyeandika msimbo alikuwa amesahau kuitoa.

Matokeo yake, mtunza vipima-muda alibaki sekunde moja mbele. Programu ikasema niamshe baada ya nusu sekunde, naye akatazama nakala yake, akaona saa hiyo imekwisha kupita, akaiamsha papo hapo. Ikaamka, ikakuta hakuna kazi, ikaomba tena nusu sekunde, ikaamshwa papo hapo. Ikawa hivyo maelfu kwa maelfu ya mara kila sekunde, bila kikomo, huku kichakato kikifanya kazi kwa asilimia mia bila kuzaa chochote. Walioumia zaidi ni waliokuwa na programu zenye nyuzi nyingi zinazolala na kuamka, hasa zilizoandikwa kwa Java, na hifadhidata ya MySQL.

Huku kwetu ilikuwa saa tisa usiku. Reddit, LinkedIn, Yelp na huduma za Mozilla zilitetereka. Australia ilikuwa saa nne asubuhi ya Jumapili, na mfumo wa kuandikisha abiria wa kampuni ya Amadeus, uliotumiwa na shirika la ndege la Qantas, ulikwama, wahudumu wakarudi kwenye kalamu na karatasi huku foleni zikirefuka. Ujerumani, kampuni ya Hetzner inayokodisha seva iliona matumizi ya umeme yakipanda ghafla kwa takriban megawati moja, kwa sababu mashine nyingi zilikuwa zinaamka na kulala bila kupumzika. Hizo megawati ndizo zinazonigusa zaidi, maana moto ule wote ulitoka kwenye taarifa moja iliyokosa kutolewa.

Dawa ilipatikana upesi, na kwa aliyeelewa ugonjwa ilikuwa nyepesi ajabu:

```
date -s "$(date)"
```

Amri hii inauliza saa ni ngapi, kisha inaiweka saa kuwa hiyohiyo. Kwa mtazamaji haijafanya kitu. Lakini kwa kuwa saa imewekwa kwa mkono, kerneli hutoa ile taarifa iliyokosekana, mtunza vipima-muda anasahihisha nakala yake, na mzigo unashuka mara moja bila kuzima mashine. Kulikuwa na ishara mbili za kutambua ugonjwa huu usiku ule. Ya kwanza ni kwamba matumizi ya kichakato yalipanda hasa pale siku ya UTC ilipoisha. Ya pili ni kwamba kuiwasha upya ile programu peke yake hakukusaidia, kwa sababu kasoro ilikuwa chini yake, ndani ya kerneli.

Kerneli ilirekebishwa, na mwaka 2017 mashine za Linux kwa jumla zilipita salama. Safari hii kidole kilielekea kwa programu zenyewe. Kampuni ya Cloudflare ilikuwa na programu ya kutafuta anwani za tovuti iliyopima muda wa jibu kwa kutoa saa ya kuanza kwenye saa ya kumaliza. Saa iliporudi nyuma, baadhi ya majibu yalionekana yamefika kabla swali halijaulizwa. Muda ukawa hasi, namba hasi ikapelekwa mahali pasipokubali hasi, na programu ikaanguka. Msimbo ulikuwa umejilinda dhidi ya sifuri tu. Kubadilisha `==` kuwa `<=` kulitosha. Aliyeiandika programu hakuwa mzembe. Aliamini kwamba saa huenda mbele tu, na kila mmoja wetu angeliamini hilo. Kwa kupima muda uliopita inafaa kutumia ile hesabu ya ndani isiyorudi nyuma, na baada ya tukio hilo lugha ya Go, iliyotumiwa hapo, ilibadilishwa ili ifanye hivyo yenyewe.

Wenye seva nyingi walichagua njia nyingine, nayo ni kuitandaza sekunde. Google walianza mwaka 2008. Kwa utaratibu wao wa sasa, kuanzia adhuhuri ya UTC ya siku ya tukio hadi adhuhuri ya kesho yake, kila sekunde ya seva zao hurefushwa kwa takriban milioni moja ya sekunde mara 11.6. Sekunde 86,400 zilizorefushwa hivyo hubeba ndani yake sekunde 86,401 za kweli. Hakuna 60, hakuna kurudia, hakuna programu inayoshtuka. Amazon nao hutumia njia hii.

Gharama yake ni kwamba kwa saa ishirini na nne saa ya seva hizo si sahihi, na usiku wa manane imeachana na UTC kwa nusu sekunde. Kwa duka la mtandaoni hilo si kitu. Kwa soko la hisa au kituo cha kupima matetemeko ni kosa kubwa. Hatari zaidi ni kuchanganya. Seva inayouliza saa kwa Google na pia kwa chanzo kisichotandaza itapewa majibu mawili yanayogombana, na inaweza kuruka kutoka moja kwenda jingine. Atakaye kutandaza atandaze kote, au aache kote.

Mfumo wa GPS wa Marekani ulilikwepa jambo hili tangu mwanzo. Saa yake ilianza Januari 1980 na haijawahi kuongezewa sekunde, kwa hiyo sasa iko mbele ya UTC kwa sekunde 18. Setilaiti hutangaza tofauti hiyo pamoja na ishara zake, na simu yako huitoa kabla ya kukuonyesha saa. GLONASS ya Urusi ilijengwa kufuata UTC pamoja na sekunde zake zote, na kila nyongeza huigusa.

Baada ya 2016 Dunia iligeuka tabia. Kuanzia mwaka 2020 imekuwa ikizunguka haraka kidogo kuliko ilivyozoeleka, na tarehe 5 Julai 2024 siku ilikuwa fupi kuliko saa 24 kwa milisekunde 1.66. Deni lililokuwa likikua sasa linapungua. Likiendelea hivyo, kanuni ya 1972 ingedai kitu ambacho hakijawahi kufanyika hata mara moja: dakika ya sekunde 59, ambapo saa ingetoka 23:59:58 na kuingia 00:00:00 moja kwa moja. Ile alama ya 10 katika NTP ipo kwa ajili hiyo, na msimbo wake umekaa zaidi kuliko ule wa 2012 bila kujaribiwa katika siku halisi. Mtu aliyeuona usiku wa 2012 ana haki ya kuogopa.

Hofu hiyo ni mojawapo ya mambo yaliyousukuma Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani, uliokutana karibu na Paris Novemba 2022, kuamua kwamba kufikia mwaka 2035 kile kikomo cha sekunde 0.9 kipanuliwe sana. Mwaka uliofuata mkutano wa dunia wa redio uliofanyika Dubai uliunga mkono. Sekunde hazitafutwa kwenye historia, na Dunia itaruhusiwa kuachana na saa kwa muda mrefu bila kusahihishwa kila mara. Wanaanga ndio watakaobeba mzigo, kwa kuwa anayeelekeza darubini huhitaji kujua Dunia imegeuka wapi hasa. Wao tayari husoma tofauti hiyo kutoka kwa IERS, ila programu zao nyingi zimejengwa juu ya imani kwamba haitavuka sekunde moja, na itabidi zipitiwe.

Hadi hapo kanuni ya zamani ingali ikifanya kazi. IERS huendelea kutoa tangazo lake kila miezi sita, na tangu lile la Julai 2016 lililoiamuru sekunde ya 27, kila moja limesema kwamba hakuna sekunde itakayoingizwa.